SOMO: Kapasita inachaji na kumwaga kupitia rezista, na mbona mita yako inagoma kufika 9V

Wakuu habari za saa hizi. Naandika mara moja nimalize, maana wiki hii watu watano wameniuliza inbox kitu kilekile: "kapasita inajaa kwa muda gani?" Kuanzia leo ukiniuliza nakurushia hii.

Vifaa: betri ya 9V, rezista ya 10k, kapasita ya 1000µF 16V, mita ya kawaida, waya, na simu ya kuhesabia sekunde. Mimi niko Arusha, vyote navipata kwa mafundi redio, na kama huna hela chomoa kwenye bodi ya redio mbovu.

Hatua ya 1. Upande wenye mstari wa alama ya kutoa kwenye kapasita unakwenda negetivu ya betri. Ukigeuza inavimba, ikizidi inapasuka.

Hatua ya 2. Gusisha miguu ya kapasita pamoja kupitia rezista kama dakika moja ianze sifuri.

Hatua ya 3. Pozitivu ya betri, rezista, kapasita, negetivu, kwa mstari mmoja. Mita kwenye 20V DC, waya zake kwenye miguu ya kapasita.

Hatua ya 4. Unganisha betri na uanze saa wakati huohuo.

Sasa kabla hujaangalia mita, elewa nini kinatokea. Volti ya betri inagawana sehemu mbili tu, kidogo iko kwenye rezista na kidogo kwenye kapasita. Mwanzoni kapasita ina sifuri kwa hiyo 9V zote zinakaa kwenye rezista, 9 gawanya kwa 10,000 unapata miliampia 0.9, na mkondo huo ukiingia kwenye 1000µF unapandisha volti kwa kasi ya 0.9V kwa sekunde. Haya, kapasita ikifika 4.5V, kwenye rezista zimebaki 4.5 tu, mkondo umekuwa nusu na kasi nayo nusu, 0.45V kwa sekunde. Yaani kasi ya kupanda inafuata pengo lililobaki. Hiyo sentensi ukiiandika kihesabu, R ikiwa rezista, C kapasita, Vs volti ya betri na v volti ya kapasita, ndiyo ile equesheni inayowatisha watu:

```
RC · dv/dt = Vs − v
```

Imeitwa ya daraja la kwanza kwa sababu kuna dv/dt moja tu, hakuna mabadiliko ya mabadiliko. Jibu lake kama umeanza sifuri:

```
v = Vs · (1 − e^(−t/RC))
```

RC ndiyo tau, muda wa kapasita kufika asilimia 63 ya volti ya betri. Hapa 10,000 mara 0.001 ni sekunde 10. Mita inatakiwa isome karibu 5.7V kwenye sekunde 10, 7.8 kwenye 20, 8.5 na kitu kwenye 30, na kwenye 50 iko 8.9 inatambaa kama daladala inayotafuta abiria.

Hatua ya 5. Kumwaga. Chomoa betri, halafu ule mguu wa rezista uliokuwa kwenye pozitivu UUPELEKE NEGETIVU ya kapasita. Sasa Vs ni sifuri, equesheni ni ileile, na volti inashuka kutoka V0 iliyoanza nayo hivi:

```
v = V0 · e^(−t/RC)
```

Sekunde 10 imebaki 3.3V, sekunde 20 imebaki 1.2V.

Hatua ya 6, hapa ndipo nilipoumbuka. Mara ya kwanza sikuwa na 1000µF, nilikuwa na 10µF, nikasema poa, naweka rezista ya 1M, tau inabaki sekunde 10 hesabu haijali. Nikawasha. Ikapanda, ikatulia mapema kuliko nilivyotegemea, ikafika 4.5V ikakaa hapohapo. Nikabadilisha kapasita, 4.5. Nyingine, 4.5. Nikarudi dukani nikamwambia muuzaji kaniuzia feki, tukabishana mbele za watu, kumbe feki ni akili yangu. Mita yangu ya bei rahisi ndani yake ina upinzani wa megaomu 1 kwenye volti za DC, na ukiiweka kwenye kapasita inanyonya mkondo wake. Weka hilo kwenye equesheni, kinachoingia toa kinachovuja:

```
C · dv/dt = (9 − v)/R − v/Rm
R = Rm = 1M:   RC · dv/dt = 9 − 2v
```

Kasi inakuwa sifuri pale 2v ikiwa 9, yaani 4.5V, na tau imekuwa nusu, sekunde 5. Equesheni ilikuwa inanieleza kila kitu mimi nagombana na watu. Kujua kama ni mita: itoe, subiri dakika nzima betri ikiwa imeunganishwa, kisha gusa tena. Ikianza karibu na 9 halafu ikateremka mpaka 4.5, kapasita ni mzima, mwizi ni mita. Mita nyingi nzuri zina megaomu 10, hizo zingesoma 8.2 hivi kwenye saketi hiyohiyo. Ndiyo maana nimesema 10k: kwa mita ya megaomu 1 unakosea kama asilimia moja tu.

MASWALI

chalii_ngarenaro: Mkuu mi nimechomoa betri volti haishuki, dakika tano bado iko 6 na kitu. Somo lako lina makosa

— Hatua ya 5 nimeandika kwa herufi kubwa, sijui niandike na rangi. Umeacha mguu wa rezista unaning'inia, kapasita inamwagia kwenye mita peke yake. 1M mara 1000µF ni sekunde 1000. Somo halina makosa, umejipimia mita yako bure.

kijana_wa_sakina: naweza kutumia kapasita kubwa ya 400V nimeitoa kwenye supply ya tv

— Hapana. Hizo zinaweza kuwa bado na volti zaidi ya 300 hata tivii ikiwa imechomolewa. Usishike.

binti_moshi: Shikamoo kaka. Mimi nimefika 5.7V kwenye sekunde 11.6 siyo 10, nimerudia mara tatu inakuja hivyohivyo. Rezista nimeipima ni 9.9k.

— Marahaba dada, na asante kwa kupima rezista kwanza. Kapasita za aina hii kawaida zinaruhusiwa kupishana asilimia 20 na kilichoandikwa. Gawanya 11.6 kwa 9,900 unapata karibu 1170µF, hiyo ndiyo kapasita yako halisi. Umeshapata mita ya kapasita bila kununua. Ila anza na volti halisi ya betri yako, mpya huwa inazidi 9 kidogo, kisha subiri asilimia 63 ya hiyo.

binti_moshi: Na kama nataka kupima ya 10µF kwa mita yangu ya 1M?

— Ichaji moja kwa moja kwenye betri, chomoa, iache imwage kwenye mita tupu. Tau ni sekunde 10. Hesabu muda wa kushuka mpaka nusu, inatakiwa karibu sekunde 7, kwa sababu nusu inakuja kwenye 0.69 ya tau. Hapo yule mwizi umemfanya kibarua.

fundi_kilombero: Nyongeza, msihangaike kusoma mita na saa kwa pamoja. Rekodini video mita na saa zikiwa kwenye fremu moja, mkirudi mnasimamisha popote.

— Hii sikuifikiria mzee, mimi nilikuwa namwita mdogo wangu ahesabu kwa sauti, akifika saba anaruka nane.