Swali la kweli dakika moja baada ya "Kiswahili tu"

Unayemfundisha mgeni Kiswahili: umeweka sharti kwamba saa nzima ni Kiswahili tu, na hapohapo anakuuliza kwa Kiingereza kwa nini umeandika "mlango umefungwa" na si "mlango unafungwa". Usimkaripie, usimwambie "tutafika huko", wala usihamie Kiingereza. Ukihama mara moja tu, sharti limekufa.

Mrudishie kwanza swali lake kwa Kiswahili, polepole: "Unauliza, kwa nini 'umefungwa'?" Kisha mjibu papo hapo. Nenda mlangoni, uusukume taratibu ukisema, "Mlango unafungwa… unafungwa…" Mlango ukishafungwa, ondoa mkono, rudi nyuma, nyoosha kidole: "Sasa mlango umefungwa." Hapo ataona kwamba -na- ni tendo linaloendelea, na -me- ni hali iliyobaki baada ya tendo.

Ili kujua kama ameelewa, onyesha dirisha lililofungwa: "Na dirisha?" Akisema "dirisha umefungwa", jibu lako limefika. Rudia tu kwa upole, "Ndiyo, dirisha limefungwa." Ngeli ni somo la siku nyingine, swali lake lilikuwa -me-.