Ukitaka kuongeza beberini au mdalasini juu ya dawa za kisukari

Kabla ya kununua kopo la beberini, dawa ya mimea inayouzwa kwa kushusha sukari, soma majina ya vidonge unavyotumia tayari. Ukiona metfomini peke yake, tatizo kubwa litakuwa tumbo. Ukiona glibenklamidi, au ukichoma insulini, hofu yangu ni sukari kushuka kupita kiasi.

Chukua mfano wa mama anayeuza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Anameza metfomini na glibenklamidi alfajiri, anawahi soko, chai anakuja kuinywa saa nne. Glibenklamidi hulisukuma kongosho litoe insulini, awe amekula au hajala. Beberini nayo inashusha sukari, na inaweza kulipunguzia ini kasi ya kuivunja glibenklamidi, hivyo kidonge kilekile kikafanya kazi kwa nguvu zaidi. Tena beberini huleta kuhara, gesi, kichefuchefu au kufunga choo, na metfomini nayo inajulikana kwa kuhara. Mama huyu akiharisha na kukosa hamu ya kula huku kidonge kiko tumboni, anaweza kuanza kutetemeka, kutoka jasho jembamba, moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa. Wenzake sokoni watadhani ni jua.

Kwa hiyo awe na kipimo cha sukari chenye vijiti vya kutosha kabla ya kuanza. Kikisoma chini ya 4 mmol/L, anywe vijiko 3 vya chai vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji, apime tena baada ya dakika 15, kisha ale chakula. Asiyejitambua asinyweshwe kitu. Apelekwe hospitali mara moja. Hata aliyezinduka aende, kwa sababu glibenklamidi inaweza kuishusha sukari tena saa nyingi baadaye, hata usiku akiwa usingizini.

Je, beberini inafanya kazi? Kuna dalili nzuri. Utafiti wa China uliochapishwa mwaka 2008 uliwapa wagonjwa wapya miligramu 500 mara 3 kwa siku kwa miezi 3, na sukari ilishuka karibu sawa na waliopewa metfomini. Lakini walikuwa watu 36 tu. Huo si msingi wa kuacha dawa ya kliniki. Mjamzito na anayenyonyesha wasiiguse kabisa, kwani inaweza kuzidisha manjano ya mtoto mchanga hadi kudhuru ubongo.

Mdalasini una ushahidi dhaifu zaidi: tafiti zinapingana. Kipande kwenye chai hakina neno. Anayelamba vijiko vya unga kila siku ndiye anayejitafutia shida, hasa ule wa gome nene na gumu lililojikunja tabaka moja, kwa kuwa una kemikali ya kumarini kwa wingi, inayoweza kuumiza ini. Mdalasini wa kweli una tabaka nyingi nyembamba zinazovunjika kirahisi, lakini ukishasagwa huwezi kuutambua kwa macho.

Daktari wa kliniki ya kisukari akikubali ujaribu, mpelekee kopo lenyewe, na mkubaliane kabla kama glibenklamidi ipunguzwe.