Nunua kilo za ziada kabla hujafika kaunta

Wanaosafiri Maskati kwenda Dar au Zanzibar, pimeni mizigo nyumbani usiku wa kuamkia safari. Mimi nilikuwa na ruhusa ya kilo 30, mabegi yakasoma jumla kilo 38 pale uwanjani. Kaunta walinitoza riali 5 kwa kila kilo iliyozidi, jumla riali 40. Jirani yangu kwenye foleni alikuwa amenunua kilo 10 mtandaoni siku iliyotangulia kwa riali 22, ndege ileile.

Namna ya kununua ni rahisi: ingia kwenye tovuti au programu ya shirika, fungua "Manage Booking", weka namba ya buking au ya tiketi na jina la ukoo, kisha chagua mzigo wa ziada. Usingoje asubuhi ya safari, kwa sababu mashirika mengi hufunga mauzo hayo saa kadhaa kabla ya ndege kuruka, na hapo hakuna njia ila bei ya kaunta.

Kabla ya kulipa, soma tiketi yako vizuri. Ikiandika "30K", unahesabiwa kwa kilo. Ikiandika "2PC", unahesabiwa kwa mabegi, na begi la tatu hulipiwa zima hata likiwa jepesi. Na hata ukinunua kilo nyingi, usizishindilie zote kwenye begi moja. Likipita kilo 32 kwa kawaida halipokelewi, utaambiwa ulifungue na kuligawa palepale sakafuni.