Ondoa "Husika na kichwa cha habari hapo juu": sentensi ya kwanza ya barua pepe ya kuomba kazi

Anayepokea maombi hufungua kikasha akakuta barua pepe nyingi zenye mada inayofanana. Kwenye Gmail ya simu, chini ya mada huonekana maneno machache ya mwanzo wa barua yenyewe. Ukianza na "Husika na kichwa cha habari hapo juu", nafasi hiyo imeliwa na maneno yasiyosema lolote. "Mimi ni kijana wa Kitanzania mwenye umri wa miaka 26" nayo ni hivyo hivyo. Umri uko kwenye wasifu wako.

Tuchukue mfano wa kubuni: tangazo la mtunza stoo Mwanza, kampuni ya vinywaji. Wanataka mtu mwenye uzoefu wa miaka 2 anayeweza kuhesabu mzigo na kutunza kumbukumbu.

1. Chagua sharti moja la tangazo unaloweza kulithibitisha. Moja tu. Hapa ni kuhesabu mzigo, kwa sababu ndiko stoo nyingi zinakovuja.

2. Futa kutoka juu hadi ufike penye kazi. Bakiza salamu fupi: "Ndugu Meneja,". Mara nyingi sentensi ya maana imejificha ya tatu au ya nne.

3. Andika nafasi unayoomba, kisha kazi uliyoifanya, wapi na kwa kiasi gani. Mwombaji wetu alikuwa ameandika:

"Kwa heshima na taadhima naomba nafasi ya kazi katika kampuni yako tukufu. Mimi ni mchapakazi na mwaminifu."

Sasa aandike:

"Naomba kazi ya utunza stoo Mwanza; kwa miaka 3 nimetunza stoo ya vifaa vya ujenzi Geita, nikihesabu mzigo kila Jumamosi na kuulinganisha na leja."

Uaminifu hakuutaja, lakini anayehesabu kila wiki na kulinganisha na leja ameshauonyesha. Kama hujawahi kuajiriwa, mafunzo kwa vitendo yanatosha, mradi useme ulichofanya kwa mikono yako, si jina la chuo peke yake.

4. Jiulize: mwombaji mwingine anaweza kuinakili bila kubadili neno? Akiweza, bado ni ya jumla. Rudi hatua ya tatu.

5. Jitumie mwenyewe kwanza. Itazame kwenye kikasha cha simu kabla ya kuifungua. Kazi unayoomba isipoonekana pale, isogeze mbele. Sentensi ikikukata pumzi unapoisoma kwa sauti, igawe iwe sentensi mbili.

Barua rasmi iliyoambatishwa, hasa kwa taasisi ya serikali, iache na "YAH:" yake na anwani zake. Huko utaratibu ndio unaotazamwa. Mimi nagusa mwili wa barua pepe tu. Na ile "miaka 3" uwe tayari kuieleza: kwenye usaili wengi tunaanza kuuliza hapo hapo.