Mlinganyo kwenye picha: anza na alama iliyo mbele ya y²

Mpwa wangu wa kidato cha tano, hapa Tanga, jana usiku alinitumia picha ya ubao: 4x² − 9y² − 16x − 54y − 101 = 0. Alikuwa ameisoma alama ya kwanza kama jumlisha, akapata duaradufu yenye namba 198 upande wa kulia, na mihimili haikutoka namba nzima. Ukiona hivyo, kuza picha uitazame tena alama.

x² na y² zikiwa na namba sawa mbele yake, ni duara. Namba tofauti zenye alama moja, duaradufu. Alama zikipingana kama hapa, haipabola.

Sasa kamilisha miraba. Toa 4 na −9 nje ya mabano:

4(x² − 4x) − 9(y² + 6y) = 101

Wengi hukosea hapa: −54y ukiigawa kwa −9 unapata +6y. Ndani ya mabano ongeza 4 na 9, lakini kulia unaongeza 16 na kutoa 81, maana ile 9 imezidishwa na −9. Inabaki 36; gawanya pande zote kwa 36:

(x − 2)²/9 − (y + 3)²/4 = 1

Kitovu ni (2, −3). Hakiki haraka: 16 ÷ (2×4) = 2, na 54 ÷ (2×−9) = −3.

Kulia ikibaki 0, si haipabola tena, ni mistari miwili inayokatana kwenye kitovu.