Kupima kasi ya mto kwa chungwa

Mkipanga kupima mto kutoka chanzo hadi mdomoni, vituo vyote vipimwe siku moja, maana mvua ya usiku mmoja huharibu ulinganisho. Kinachokosewa zaidi ni kasi. Tumieni chungwa: huzama karibu lote, hivyo upepo haulisukumi. Pimeni mita 10 zilizonyooka, mliachie kidogo kabla ya mstari wa kuanzia, na mrudie katikati na karibu na kila ukingo.

Tuseme wastani wa muda wa chungwa kupita mita hizo ni sekunde 25: kasi ya maji ya juu ni mita 0.4 kwa sekunde. Maji ya chini huenda polepole, kwa hiyo zidisheni kwa 0.85, mpate 0.34. Upana ukiwa mita 4 na wastani wa kina mita 0.3, mtiririko, yaani upana mara kina mara kasi, ni takriban mita za ujazo 0.41 kwa sekunde.

Rula ya kina ikabili mkondo kwa ubavu wake mwembamba, la sivyo maji hupanda juu yake. Mtiririko ukipungua kituo kinachofuata na hakuna mfereji unaochepusha maji, rudieni vipimo. Karibu na bahari, kaeni upande wa chanzo wa mahali maji kujaa yanapofika.