Juu pamekauka si tosha: pima udongo wa chini kabla trekta ya kulima blak koton haijaingia

Hii maneno nimeongea mpaka nimechoka lakini kila mvua ndefu ikianza naiona tena, kuanzia Ahero hadi Nyakach na kule Muhoroni kwa miwa. Mvua inanyesha, jua linawaka siku mbili, mtu anaamka anaona shamba juu limekuwa jeupe na nyufa ndogo zimeanza kurudi, anapiga simu trekta ije. Hakuna aliyechimba hata kidogo aone chini kukoje. Blak koton, huu udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka nyufa, inakauka sentimita 4 au 5 za juu haraka sana, na plau yako haiishii hapo, inaenda 15 hadi 20, na huko chini ni matope bado.

Kuna mama mmoja wa karibu na Ahero, eka moja ya mahindi, alipata trekta siku ya pili baada ya mvua kubwa. Dereva akamwambia, "Mama, juu pameshakauka, tulime tu kabla nivuke ng'ambo." Akakubali, maana ukimwachilia huyo dereva hujui atarudi lini. Vipande vya udongo vikageuka vinang'aa upande ule plau ilipita, kama vimepakwa mafuta. Jua likapiga siku nne, vile vipande vikawa matofali. Akalipia haro mara moja, haikuvunja kitu, ikawa inayasukuma tu mabonge kutoka hapa hadi pale, akalipia mara ya pili. Akapanda hivyo hivyo, mbegu zingine zikaangukia katikati ya mabonge kwenye hewa tupu hazikugusa udongo, zingine zikazikwa chini kabisa, na mahindi yaliyotoka yalikuwa ya mapengo kila mahali. Mbegu aliinunua mara mbili.

Ule mng'ao ndio ushahidi wenyewe. Mfinyanzi huu ukiwa laini, chuma kikipita kinaupaka na kuufunga, vile vitundu hewa na maji hupitia vinazibwa. Chini ya plau tairi inayopita ndani ya mtaro inaukandamiza zaidi, unabaki na sakafu ngumu ambayo mizizi haipiti na maji ya mvua inayofuata yanasimama juu yake. Kwa hivyo ukiona kipande cha kwanza kinang'aa simamisha trekta hapo hapo, hata kama umeshalipa, mstari mmoja ulioharibika ni afadhali kuliko eka nzima.

Sasa kupima, na tafadhali msiruke hii. Chimba na jembe hadi sentimita 20, au 15 kama unalima na ng'ombe. Chukua udongo wa chini ya shimo, ujaze nusu ya kiganja, mikono ikiwa mikavu, usiteme mate wala kuongeza maji. Uviringishe kati ya viganja utengeneze kamba nyembamba ya milimita 3, unene wa ule mrija wa wino ulio ndani ya kalamu. Ikiviringika vizuri ikafika huo wembamba na hata ukiikunja haivunjiki, nenda nyumbani, bado ni maji. Ikianza kupasuka na kukatika katika ikikaribia huo unene, ndio siku yako. Ikikataa kabisa kushikana, ni vipande vigumu tu, umechelewa na imekuwa kavu. Na angalia ule mviringo wa kwanza pekee! Kuna watu wanaviringisha wee mpaka joto la mikono linaukausha, unakatika, wanasema iko tayari. Hapo umepima viganja vyako.

Shimo moja pia halitoshi kwa udongo wa nyufa, na hapa ndio hata wakulima wazoefu wananaswa. Mvua za kwanza zikija nyufa ziko wazi, maji yanateremka moja kwa moja kupitia ufa hadi chini, huku bonge lililo katikati ya nyufa mbili bado ni kavu ndani. Ukichimba kwenye ufa utasema shamba limelowa, ukichimba katikati utasema halijapata mvua. Chimba mahali 5, mbali na ufa na mbali na njia ya ng'ombe, na moja lazima iwe ile sehemu ya bondeni inayosimamisha maji. Hiyo ya bondeni karibu kila mara itachelewa siku mbili tatu, basi lima ya juu kwanza na uache hiyo, nani alisema eka moja lazima ilimwe siku moja?

Kuhusu siku ngapi baada ya mvua, sitakupa namba moja maana inategemea jua, upepo na maji yaliyokuwa chini tayari. Kama mvua ilikuwa ya wastani na jua liko, anza kupima siku ya pili, halafu upime kila asubuhi na jioni, si kila wiki. Mvua ikinyesha mfululizo hadi nyufa zifunge, maji hayateremki tena, hapo inaweza kuwa siku tano na zaidi. Na dirisha la kulima likifunguka halikai, jua kali linaweza kulifunga kwa siku mbili tu, ndiyo maana mazungumzo na dereva yafanyike mapema, mwambie "nitakupigia jioni ukuje kesho", si "ukuje Alhamisi".

Ukikosea, afadhali ukosee upande wa ukavu. Kulima kavu ni kazi ngumu, kunakula dizeli na kuvunja chuma, mabonge ni makubwa, lakini blak koton ikilowa polepole inavimba na kujivunja yenyewe, mvua mbili tatu mabonge yanalainika. Ile iliyopakwa ikiwa mbichi itajirekebisha pia, lakini inataka kulowa na kukauka mara nyingi, na msimu wako hautasubiri.

Kupanda ni kipimo kingine, sentimita 5 za juu. Kamba ya milimita 3 ifanyie udongo wa kina hicho, si wa 20. Ukifungua mtaro ukiwa mbichi, kuta zake zinapakwa vilevile, jua likija mtaro unapasuka na mbegu inabaki wazi kwa ndege. Mahindi yaende sentimita 4 hadi 5, funika na udongo uliovunjika vunjika, usikanyage na kisigino. Anayepanda kavu kabla ya mvua apeleke hadi 7, ili manyunyu ya kwanza yasiamshe mbegu halafu jua liiue. Mambo yakiwa sawa miche inatoka yote kwa wakati mmoja, na mtaro haujafunguka.

Kama dirisha limekupita na mvua haikatiki, usilime. Fyeka magugu, toboa mashimo na jembe mahali penye mwinuko, panda, na uache plau ipumzike. Na kijiji chenye trekta moja kiangalie tena kalenda yake: mkivuna mahindi, chini bado kuna unyevu kidogo, pimeni wiki hiyo hiyo. Mara nyingi ndio wakati huo udongo unakatika vizuri mkononi, na dereva hana foleni.